Kondori Imebanwa Upande Mmoja: Usogeze, Urekebishe Upande wa Pili, au Ufunge?

Swali hili halikauki: "Nimefungua aironi kondori, bei imeshuka hadi karibu na puti niliyouza, sasa nifanyeje?" Ukimuuliza aliyeuliza bei iko wapi hasa, mara nyingi utakuta imeshapita puti yenyewe tangu juzi, naye alikuwa anasubiri irudi. Majibu anayopewa nayo hugongana. Huyu anamwambia asogeze tarehe, yule anamwambia ashushe koli, wa tatu anamwambia afunge akalale. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila kila mmoja kwa wakati wake, na wakati huo unapimika.

Sitaeleza namna ya kufungua kondori. Kwa kifupi ni opsheni nne za tarehe moja, kila moja ikiitwa mguu: unauza puti, haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa iitwayo straiki, na koli, haki ya kununua, kisha unanunua puti ya chini zaidi na koli ya juu zaidi ziwe mbawa za kukulinda. Puti mbili ni spredi moja, koli mbili ni nyingine, na pesa unayobaki nayo ndiyo krediti. Nachukulia tayari unayo, na upande mmoja umebanwa.

Unachohitaji kabla ya kugusa chochote

- Jumla ya krediti uliyopokea tangu mwanzo, iliyoandikwa mahali unapoiona. Usitegemee safu ya faida na hasara ya broka peke yake. Ukishasogeza mguu mmoja, safu hiyo huanza kukuonyesha nusu ya hadithi.
- Safu ya delta, yaani opsheni husogea kiasi gani bei ikisogea dola moja, iwe wazi kwenye orodha ya opsheni.
- Akaunti inayokuruhusu kutuma miguu minne kwenye oda moja. Kama yako hairuhusu, angalau miguu miwili.
- Idadi ya siku zilizobaki.
- Aina ya mkataba wako. Opsheni za SPY, mfuko unaofuata faharasa ya S&P 500, kama zile za hisa za kawaida, mwenye nazo anaweza kuzitekeleza siku yoyote, na zikitekelezwa hisa zenyewe huhamishwa. Opsheni za SPX, yaani za faharasa yenyewe, hutekelezwa mwisho wa mkataba tu, na hulipana kwa fedha taslimu.
- Kikomo cha hasara ulichokiweka ukiwa bado umetulia. Kama hukukiweka, kiweke sasa, kabla hujasoma hatua ya kwanza.

Mfano tutakaotembea nao

Bei ilikuwa 500 na siku zilikuwa 45. Tulifungua hivi:

```
BUY  +1  465 PUT
SELL -1  475 PUT
SELL -1  525 CALL
BUY  +1  535 CALL
```

Spredi ya puti ilitupa 1.75 na ya koli 1.25, jumla 3.00, yaani dola 300 kwa kondori moja, kwa kuwa kila mkataba ni wa hisa 100. Upana wa kila spredi ni 10, kwa hiyo hasara kubwa kabisa ni 7.00, dola 700. Tunaanza kupoteza bei ikimaliza chini ya 472 au juu ya 528.

Siku 17 zimepita na zimebaki 28. Bei imeshuka hadi 480 na volatiliti, yaani mtikisiko wa bei unaotarajiwa, imepanda. Spredi ya puti sasa ni 3.60, ile ya koli imekonda hadi 0.15. Puti ya 475 ina delta ya kama 0.40. Bei hizi nimezikadiria kwa hesabu. Zako zitatofautiana kidogo, lakini uwiano utakuwa huo huo.

Kitu kimoja cha nadharia, halafu tunaendelea

Spredi yenye upana wa 10 ina mwisho wa aina mbili hasa: ama inaisha ikiwa 0, ama inaisha ikiwa 10, na katikati kuna nafasi ndogo tu. Muda ukiwa mwingi, soko haliwezi kujua itaangukia wapi, kwa hiyo thamani yake huvutwa kuelekea katikati, karibu na 5. Muda ukipungua, thamani hukimbilia mwisho mmoja.

Sasa fikiria unataka kufunga spredi ya mwezi huu na kufungua ile ile ya mwezi ujao. Kama ya mwezi huu iko chini ya 5, ya mwezi ujao ni ghali kuliko hiyo, kwa hiyo kuhama kunakupa pesa. Kama imeshavuka 5, ya mwezi ujao ni rahisi kuliko hiyo, na kuhama kunakugharimu. Mpaka wenyewe uko karibu na katikati ya straiki zako mbili. Kwetu ni 470. Bei ikiwa juu ya 470, mlango wa kusogeza uko wazi. Ikishuka chini yake, mlango unajifunga, na kila siku inayopita unajifunga zaidi.

Anayeuza puti moja tupu bila mbawa ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kusogeza mbele kwa krediti. Ushauri wake usiuchukue mzima mzima kwenye kondori.

Hatua

1. Weka kengele kwenye delta, usiisubiri straiki. Opsheni uliyouza ikifika delta ya 0.30, fungua daftari. Si lazima ufanye lolote siku hiyo, ila uwe tayari na namba za machaguo yote matatu. Anayesubiri bei iguse 475 ndipo aanze kufikiri, mara nyingi hukuta imefunguka asubuhi ikiwa 468.

2. Piga hesabu ya kufunga kwanza. Katika mfano, kufunga kila kitu ni 3.60 jumlisha 0.15, yaani 3.75. Tulipokea 3.00, kwa hiyo tungepoteza 0.75, dola 75. Andika namba hiyo juu kabisa ya ukurasa. Kila marekebisho utakayofikiria yashindane nayo. Inashangaza ni mara ngapi mtu hufanya oda tatu za kishujaa kukwepa hasara ya dola 75, akaishia kupoteza 400.

3. Jiulize bei iko wapi ukilinganisha na katikati ya spredi, na siku ni ngapi. Mimi hugawa hivi:

- Bei bado haijafika straiki niliyouza, na siku ni zaidi ya 21: machaguo yote matatu yapo.
- Bei iko kati ya straiki na katikati ya spredi, au siku ni 21 kushuka: kusogeza au kufunga. Upande wa pili siugusi.
- Bei imepita katikati: kufunga.

Siku 21 si sheria ya mbinguni, ni mazoea ya wauzaji wengi wa opsheni. Sababu yake ni kwamba karibu na mwisho delta hubadilika haraka mno. Mwendo mdogo wa bei unaotikisa kondori yako kidogo leo utaitupa huku na huko wiki ya mwisho.

4. Ukichagua kurekebisha upande uliotulia. Hapa unanunua tena koli zilizokonda na kuuza nyingine karibu zaidi na bei. Tuseme tunarudisha 525/535 kwa 0.15 na kuuza 500/510 kwa 1.20. Tumeongeza 1.05, na jumla ya krediti sasa ni 4.05. Hasara kubwa imeshuka kutoka 7.00 hadi 5.95, kwa kuwa bei haiwezi kumaliza chini ya 465 na juu ya 510 kwa wakati mmoja. Delta ya pozisheni nzima, iliyokuwa kama 12, inabaki kama 4. Maana yake dola moja ya kushuka inatuuma theluthi tu ya ilivyokuwa ikituuma.

Ukiishia hapo utaona ni zawadi. Sasa tazama mipaka mipya: chini ni 470.95, juu ni 504.05. Tumepata pointi moja na kidogo chini, tukatoa pointi 24 juu. Hiyo ndiyo bei halisi ya marekebisho haya, na tiketi ya oda haikuonyeshi.

Niliwahi kuilipa. Bei ilishuka, nikashusha koli hadi karibu kabisa nikifurahia krediti, halafu ndani ya wiki mbili soko likarudi lilikotoka. Tuifanye kwa namba za mfano huu: zimebaki siku 14 na bei ni 503. Spredi ya puti ni 0.35 na koli za 500/510 ni kama 4.50. Kufunga ni 4.85 dhidi ya krediti ya 4.05, hasara ya dola 80. Kama nisingegusa kitu, puti zingekuwa 0.35 na koli za zamani kama 0.37, na ningefunga na faida ya dola 228. Tofauti ni dola 308, na bei ilirudi nyumbani tu, haikufanya ajabu lolote.

Tangu hapo huchagua koli mpya yenye delta ya karibu 0.10, si 0.20. Katika mfano ni 510/520 kwa 0.60. Naongeza 0.45 tu, lakini nabaki na nafasi ya pointi 35 kati ya straiki nilizouza badala ya 25. Na hufanya mara moja tu kwa kila kondori.

Makosa ya hatua hii:

- Kuuza koli mpya zenye mbawa pana kuliko za puti ili upate krediti zaidi. Broka hudai dhamana kwa upande mpana, na hasara yako kubwa inapanda bila wewe kukusudia.
- Kuendelea kushusha koli hadi zipite chini ya puti. Zikikutana kwenye straiki moja, kwetu 475, bado ni umbo linaloeleweka, liitwalo aironi bataflai. Zikipishana, mojawapo lazima iishie na thamani, kwa hiyo unakuwa umejihakikishia malipo fulani hata bei itulie wapi. Kama jumla ya krediti haizidi umbali wa kupishana, umefunga hasara kwa kufuli.
- Kufanya hivi siku ya anguko kubwa. Koli huwa zimekonda kweli, lakini siku za namna hiyo ndizo ambazo soko huweza kuruka juu kesho yake.

5. Ukichagua kusogeza upande uliobanwa mbele. Hiki ndicho wengi hukiita kurolu. Unafunga ya sasa na kufungua ya tarehe ya mbali kwa oda moja. Hebu tujaribu namba, tukihama kutoka siku 28 kwenda 56.

Spredi ile ile ya 475/465 ya siku 56 inauzwa kama 3.95. Tukifunga ya sasa kwa 3.60 tunapata 0.35. Tukitaka pia kushuka hadi 470/460, ile mpya ni 3.45 tu, kwa hiyo tungelipa 0.15. Hapo ndipo upande wa koli unapokuja kusaidia. Tunafunga 525/535 kwa 0.15 na kuuza 520/530 ya siku 56 kwa 0.70. Kondori mpya nzima inatupa 4.15, ya zamani inafungwa kwa 3.75, tunabaki na 0.40.

Angalia tulichopata. Puti tuliyouza imeshuka kutoka 475 hadi 470. Jumla ya krediti ni 3.40, mpaka wa chini ni 466.60, wa juu 523.40, hasara kubwa 6.60. Tumeshusha mpaka wa chini pointi tano na zaidi kidogo, na juu tumetoa chini ya tano. Tulicholipia ni siku 28 za ziada ambazo dhamana yetu imekaa hapo na lolote linaweza kutokea. Kwa mfano huu mimi ningechagua hii.

Kanuni yangu ni fupi: nasogeza kwa krediti, au sisogezi. Ukilipa ili usogeze, unaongeza pesa kwenye biashara ambayo tayari inakuambia hapana. Jaribu kipimo hiki: je, kama usingekuwa na kondori yoyote leo, ungefungua hii mpya kwa bei hiyo? Ukijibu hapana, unachokwepa ni maumivu ya kufunga, hakuna kingine.

Uone sasa mlango ukijifunga. Tuseme tulisubiri. Bei ni 460, zimebaki siku 7. Spredi ya 475/465 ni kama 7.60. Ile ile ya wiki nne mbele ni kama 6.30. Kusogeza bila hata kushusha straiki kunatugharimu 1.30, na tunahamia kwenye spredi ambayo bei tayari imeipita yote. Siku ile bei ilipokuwa 480 tungelipwa kuhama na kushuka juu yake.

Kosa baya zaidi hapa ni kupanua spredi au kuongeza idadi ya mikataba ili krediti "itoke". Oda itaonyesha krediti, kweli, lakini umeongeza hasara kubwa kuliko hiyo krediti. Kondori moja ya dola 700 hugeuka mbili za dola 660 kila moja, na mtu anajisifu amepokea pesa.

6. Ukichagua kufunga. Tuma miguu minne kwenye oda moja ya limiti, anza na bei ya kati, kisha panda kwa 0.05 kila dakika chache mpaka ikamilike. Usitumie oda ya soko kwenye miguu minne. Pengo la bei za kununua na kuuza hujizidisha mara nne.

Lini? Utasikia wengi wakisema funga hasara ikifika mara mbili ya krediti. Kwenye kondori yetu hiyo ni 6.00 wakati hasara kubwa yote ni 7.00, kwa hiyo kikomo hicho hakikulindi na chochote. Kwa krediti inayokaribia theluthi moja ya upana, mimi hufunga hasara ikilingana na krediti. Kwetu ni pale gharama ya kufunga inapofika 6.00, hasara ya dola 300.

Unaweza pia kufunga puti tu na kuacha koli zijifie. Ni sawa, ila koli za 0.15 zikiwa na siku 28 zinakuachia dola 15 za kuvuna, huku bado unabeba spredi ya upana wa 10 isiyo na mwenzake. Mimi huzifunga.

7. Andika upya. Baada ya marekebisho yoyote, andika jumla mpya ya krediti, mipaka miwili mipya, hasara kubwa mpya, na tarehe ya siku 21. Kikomo cha dola 300 kinabaki kile kile. Hakizaliwi upya kwa sababu umesogeza.

Mambo yanayokwama

*Oda haikamiliki.* Angalia kama umechanganya straiki zenye biashara chache. Straiki zinazogawanyika kwa 5 au 10 huwa na wanunuzi na wauzaji wengi zaidi. Dakika za kwanza baada ya soko kufunguka pengo la bei huwa pana, kwa hiyo subiri kidogo. Ikishindikana kabisa, gawa mara mbili: spredi ya upande uliobanwa kwanza, kisha ile nyingine. Usiwahi kuuza mbawa kabla ya kununua tena mguu uliouza.

*Dhamana imeruka ghafla baada ya oda.* Huenda upande mmoja umekuwa mpana kuliko mwingine, au puti na koli zako sasa ziko tarehe tofauti. Broka wengi wakiona tarehe mbili hawazihesabu tena kama kondori moja, na hudai dhamana ya kila upande. Ndiyo maana kwenye hatua ya 5 tulihamisha pande zote mbili.

*Safu ya broka inasema niko kwenye faida, lakini salio limepungua.* Hasara ya spredi uliyofunga imehamia kwenye sehemu ya biashara zilizokwisha. Fuata daftari lako.

*Nimeamka nimekabidhiwa hisa 100.* Mwenye puti ameitekeleza. Hujapoteza zaidi ya ulivyopanga, maana puti yako ya 465 bado ipo na inakulinda. Uza hisa na mbawa pamoja, au pigia dawati la broka wakusaidie kuifunga kwa oda moja. Kwenye koli, hatari hii ni kubwa siku moja kabla ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio. Kama thamani ya muda iliyobaki kwenye koli uliyouza ni ndogo kuliko gawio, na bei imeshaipita straiki, funga siku hiyo.

*Bei imekaa kati ya 465 na 475 siku ya mwisho.* Funga kabla ya kengele. Puti ya 475 inaweza kukuletea hisa 100 huku ile ya 465 ikifa bila thamani, na utaingia wikiendi ukiwa na hisa za dola 47,500 ambazo hukuzipanga. Kwenye SPX hisa haziji, lakini mikataba ya kila mwezi inayolipwa kwa bei za asubuhi ya Ijumaa huacha kuuzwa Alhamisi, kwa hiyo siku yako ya mwisho ya kufunga ni hiyo Alhamisi.

*Spredi imeshafika 9.00, nifunge au niache?* Kilichobaki kupotea ni 1.00, na bei ikirudi kwa nguvu unaweza kuokoa zaidi ya hapo, kwa hiyo kuacha siku kadhaa kuna mantiki yake. Kwenye SPY na hisa za kawaida mimi siachi hadi siku ya mwisho, kwa sababu ya hisa 100 zilizotajwa hapo juu. Kuisogeza ikiwa hapo ndilo chaguo pekee ambalo sijawahi kuona hesabu yake ikikubali.